Kampuni imesajiliwa Uingereza, mkurugenzi yuko Mwanza: msamaha wa ukaguzi unasamehe nini?

Kazi yangu ni vitabu vya hesabu, na miaka ya karibuni sehemu ya wateja wangu hapa Mwanza wana kampuni ndogo zilizosajiliwa Uingereza. Mara nyingi ni ndugu: mmoja yuko huko anauza, mwingine yuko huku anakusanya mzigo. Nitatumia mfano wa kampuni moja ya vikapu na mikeka, nimebadilisha tarakimu ili wenyewe wasijulikane. Wakurugenzi ni wawili, dada aliyeko Uingereza na kaka yake anayeishi Ilemela. Hisa ni 100: kaka 50, dada 35, mjomba wao 15. Mwaka wa hesabu unaisha 31 Desemba.

Dhana: "Tumesamehewa ukaguzi, kwa hiyo hatuna hesabu za kupeleka."

Ukweli: kilichosamehewa ni mkaguzi wa nje kuja kutoa maoni yake juu ya hesabu. Hesabu zenyewe zinabaki palepale. Kila mwaka lazima zitengenezwe, wakurugenzi wazipitishe, wanahisa wapewe nakala, na nyingine iende kwa msajili wa makampuni wa Uingereza. Kwa kampuni binafsi muda ni miezi 9 tangu mwaka wa hesabu uishe, kwa hiyo hesabu za 31 Desemba 2025 mwisho wake ni 30 Septemba 2026. Ukichelewa hata siku moja, kampuni inatozwa pauni 150. Ukipita mwezi ni 375, ukipita miezi mitatu 750, ukipita sita 1,500. Ukichelewa miaka miwili mfululizo, faini ya mwaka wa pili inazidishwa mara mbili. Hakuna anayekuuliza kama ulikuwa kisiwani Ukerewe bila mtandao.

Dhana: "Sisi ni wadogo, kila mtu anaona."

Macho hayapimi. Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006 ina vipimo vitatu, na kampuni inatakiwa kutimiza angalau viwili. Kwa miaka ya hesabu iliyoanza tarehe 6 Aprili 2025 au baadaye, mauzo yasizidi pauni milioni 15, jumla ya mali isizidi pauni milioni 7.5, na wastani wa wafanyakazi usizidi 50. Mwaka wa hao ndugu ulianza 1 Januari 2025, kabla ya mabadiliko hayo, kwa hiyo wao wanapimwa kwa viwango vya zamani: milioni 10.2, milioni 5.1 na wafanyakazi 50. Mauzo yao yalikuwa pauni 212,000, mali 74,000, wafanyakazi 4. Wamepita bila jasho.

Lakini angalia hiyo "jumla ya mali". Kaka alinitumia 31,000, kwa sababu kwenye mali alikuwa amepunguza mkopo wa benki na fedha za wanaomdai. Kipimo hiki hakipunguzi madeni. Ni mali yote: mzigo ghalani, fedha benki, wanaodaiwa na kampuni. Kwake haikubadili kitu, ila kwa kampuni iliyo karibu na mpaka kosa hilo linaweza kugeuza jibu lote.

Kuna jambo zito zaidi, na ndilo linalowapata watu wa huku. Kampuni ya Uingereza ikimiliki kampuni nyingine, tuseme ile iliyosajiliwa BRELA kwa ajili ya kununua mzigo Mwanza, hizo mbili ni kundi. Hapo haitoshi kampuni moja kuwa ndogo peke yake, kundi zima linapimwa. Na msamaha wa Uingereza hauvuki bahari: unachodaiwa na BRELA na TRA kinafuata sheria za Tanzania.

Dhana: "Mhasibu ndiye anayesaini, sisi tunalipa tu."

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndipo karatasi zinaporudishwa. Mhasibu anaandaa. Wanaopitisha ni wakurugenzi, na mkurugenzi mmoja anasaini mizania kwa niaba ya bodi. Kikao si lazima kiwe cha meza na soda. Kaka na dada waliongea kwa simu ya video, kila mmoja akiwa na hesabu mbele yake, kisha wakaandika muhtasari wenye tarehe. Inatosha.

Juu ya sahihi hiyo lazima kuwe na maneno maalumu. Yanasema kwamba kampuni inastahili msamaha chini ya kifungu cha 477, kwamba wanahisa hawajadai ukaguzi kwa mwaka huo, na kwamba wakurugenzi wanakubali wajibu wao wa kutunza kumbukumbu za hesabu na kuandaa hesabu kwa mujibu wa sheria. Watu huyaona kama mapambo ya chini ya ukurasa. Sivyo: kifungu cha 475 kinasema bila maneno hayo kampuni haina haki ya msamaha, hata kama inauza vikapu kumi kwa mwaka. Kama hesabu zimeandaliwa kwa utaratibu wa kampuni ndogo, hilo nalo linatajwa juu ya sahihi. Ukitaka kujua kama hesabu zako ziko sawa, usianzie kwenye faida. Anza na mistari hiyo.

Mwaka mmoja kaka alitaka kusaini ukurasa mtupu ili dada ajaze baadaye. Nilimkatalia. Hesabu zisizokidhi sheria zikipitishwa, kila mkurugenzi aliyejua, au ambaye hakujali kujua, na hakuchukua hatua za kuzirekebisha wala kuzuia zisipitishwe, ana kosa la jinai. Aliyeko Mwanza ni mkurugenzi sawa na aliyeko huko.

Nafuu moja ipo. Kampuni ndogo inaruhusiwa kutopeleka kwa msajili ukurasa wa faida na hasara pamoja na ripoti ya wakurugenzi, ili washindani wasichungulie, na mizania iseme hivyo. Wanahisa bado wanapewa hesabu kamili, na ofisi ya kodi ya Uingereza pia. Dada alikuwa akimtumia mjomba ile nakala fupi. Ndipo ugomvi ulipoanzia.

Dhana: "Wakurugenzi wakishaamua hakuna ukaguzi, imekwisha."

Mwanahisa, au wanahisa kwa pamoja, wenye angalau asilimia 10 ya hisa wanaweza kudai ukaguzi. Mjomba ana 15, peke yake anatosha. Ila dai lina dirisha lake: haliletwi kabla ya mwaka husika kuanza, wala halikubaliki likija ikiwa umebaki chini ya mwezi mmoja mwaka huo uishe.

Yeye aliandika barua tarehe 20 Desemba 2025. Kwa hesabu za 2025 alikuwa amechelewa, na wakurugenzi walikuwa na haki ya kuandika kwamba ukaguzi haukudaiwa ipasavyo. Dada akadhani wamepona. Tarehe 2 Januari mjomba akaandika tena, safari hii kwa mwaka wa 2026, na hapo hakuna mlango wa kutokea.

Kaka akaniuliza kama naweza kuwakagulia mimi, tuyamalize hapahapa mjini. Hapana. Anayehitajika ni mkaguzi aliyemo kwenye rejista ya wakaguzi ya Uingereza, na bei yake wataisikia kwa pauni.