Chembe nyekundu: wastani mzuri, fungu lililochanganyika

Cheti cha damu cha dada yangu mjamzito kinasema MCV 89, kawaida kabisa, ila RDW 21 imewekewa H, yaani iko juu. Saizi ya chembe zake ni sawa au si sawa?

Wastani ni sawa, chembe zenyewe hazilingani. Chukua fungu la maembe, dodo makubwa na sindano madogo, upime wastani wa uzito. Utapata embe la kadiri, na huenda fungu zima halina hata moja la uzito huo. MCV ndiyo wastani kama huo, ila wa ukubwa wa chembe, kwa kawaida femtolita 80 hadi 100. RDW hupima jinsi chembe zinavyotawanyika kuuzunguka, na mara nyingi haizidi asilimia 14.5 hivi.

Tuseme nusu ya chembe zina femtolita 70 na nusu nyingine 108. Wastani ni 89, lakini kila chembe iko mbali nao kwa 19. Gawanya 19 kwa 89, unapata asilimia 21.

Kwa mjamzito, hali hii hunifanya nifikirie upungufu wa vitu viwili kwa pamoja. Chembe changa ndani ya uboho huendelea kugawanyika huku ikijijaza himoglobini; chuma kikikosekana kujaa huchelewa, nayo hugawanyika mara ya ziada na kutoka ndogo. Foliki ikikosekana hugawanyika kwa shida, ikatoka kubwa. Makosa mawili yanafichana kwenye wastani. Damu ikitandazwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, aina zote mbili huonekana. Lakini kwanza aulizwe kama ameongezewa damu karibuni, maana chembe za mtu mwingine nazo hupanua RDW.

MCV ikiwa chini, RDW husaidia kwa namna nyingine. Upungufu wa chuma huingia polepole, na chembe huishi siku 120 hivi, kwa hiyo za zamani zenye saizi nzuri huzunguka pamoja na mpya ndogo: RDW hupanda. Mwenye talasemia ndogo, hitilafu ya kurithi ya himoglobini ambayo haiko mbali na watu wa pwani yetu wala wa Omani, chembe zake huzaliwa ndogo tangu mwanzo, tena zinazolingana, na mara nyingi RDW yake hubaki ya kawaida. Huyo, kama chuma chake kinatosha, vidonge vya chuma havitazikuza chembe zake. Mpaka huu si ukuta, kwani wapo wenye talasemia ambao RDW yao iko juu. Akiba ya chuma, yaani feritini, ipimwe.

Dada yako akishaanza chuma na foliki, asishtuke RDW ikipanda zaidi wiki chache za mwanzo huku himoglobini nayo ikipanda. Chembe mpya zenye saizi nzuri zimeingia kati ya zile za zamani, na hizo za zamani bado hazijamaliza siku zake.