Kwa nini maji yanampalia bibi na uji haumpalii: maana ya kinywaji kizito

Nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kiharusi huligundua jambo hili zenyewe kabla ya kuambiwa na mtu. Asubuhi bibi anakunywa uji, bakuli linaisha bila shida. Kisha anapewa maji ya kumezea dawa, funda moja tu, na anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Watu wanashangaa: inakuwaje uji mzito upite na maji mepesi yakwame? Ukweli ni kwamba maji hayakwami. Yanawahi.

Kumeza ni kazi ya haraka kuliko tunavyodhani. Ulimi unasukuma kinywaji nyuma, kikoromeo kinapanda juu, kidakatonge kinainama kufunika njia ya hewa, pumzi inasimama kidogo, na mlango wa umio unafunguka. Yote hayo huisha kwa sekunde moja hivi. Kiharusi kinapoumiza sehemu ya ubongo inayoamuru mpangilio huo, amri inachelewa au misuli ya upande mmoja inalegea. Maji hayasubiri: yanateremka kwa kasi na kufika kooni mlango wa pumzi ukiwa bado wazi, na yanapoingia ndipo tunasema mtu amepaliwa. Uji unateremka polepole na umeshikana, haumwagiki huku na huko. Unampa yule aliyechelewa muda wa kufunga mlango.

Hiyo ndiyo maana yote ya kinywaji kizito: maji, chai, maziwa au juisi iliyoongezewa kitu cha kuifanya itiririke taratibu, ili mwendo wake ulingane na mwendo wa koo lililopunguzwa kasi. Uzito unaosemwa hapa si wa kilo, wala si utamu au ulishaji. Chai yenye sukari nyingi bado ni nyepesi kama maji. Maziwa freshi nayo ni mepesi, hata yakiwa na mafuta.

Hapa kuna jambo ambalo ndugu wengi hulikosea. Kikohozi chenyewe ni mlinzi, maana kinatoa kilichoingia pasipotakiwa. Anayeogopesha zaidi ni yule asiyekohoa. Baada ya kiharusi koo linaweza kupoteza hisia, kinywaji kikaingia mapafuni kimyakimya, na nyumba nzima ikafurahi kwamba mzee anakunywa vizuri. Kwa hiyo usisikilize kikohozi peke yake. Msemeshe baada ya kila mafunda machache, mwambie aseme “aaa”. Sauti ikitoka yenye majimaji, kama mtu anayeongea na kohozi kooni, kuna kitu kimebaki karibu na njia ya hewa. Pumzi kwenda mbio wakati wa kula na homa za mara kwa mara zisizoelezeka ni dalili za aina hiyo hiyo.

Sasa, uzito wa kiasi gani? “Fanya kama uji” ni maelekezo mabaya, kwa sababu uji wa nyumba hii ni kastadi ya nyumba ile. Kuna mizani ya kimataifa inayoitwa IDDSI, ambayo huandikwa hata kwenye makopo ya unga wa kuongezea uzito. Vinywaji vimepangwa kuanzia 0, ambayo ni maji ya kawaida, hadi 4, ambayo hainyweki bali huliwa kwa kijiko. Uzuri wake ni kwamba kipimo kinafanyika jikoni kwa bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, la aina ambayo urefu kutoka alama ya 0 hadi ya 10 ni milimita 61.5.

Toa kisukumio, ziba tundu la chini kwa kidole, jaza kinywaji mpaka alama ya 10. Achia kidole, hesabu sekunde 10 kwa simu, ziba tena, kisha soma kilichobaki. Kikibaki chini ya mililita 1, hicho ni kiwango 0. Kati ya 1 na 4 ni kiwango 1, kati ya 4 na 8 ni kiwango 2, na zaidi ya 8 ni kiwango 3. Kisipotiririka kabisa umefika kiwango 4. Anza kwa kupima maji matupu: yasipoisha yote ndani ya sekunde hizo, bomba lako lina kasoro au si la aina inayofaa. Na kama kinywaji kina mabonge, kichuje kwanza, maana bonge moja likiziba tundu utadhani umepata uzito kumbe umepata bonge.

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 74, wiki tatu baada ya kiharusi kilichodhoofisha upande wa kulia. Mtaalamu wa umezaji amempima na kuagiza kiwango 2. Unga wa dukani ni ghali, kwa hiyo mkwewe anatumia wanga wa mahindi, ule mweupe wa kupikia kastadi. Anakoroga vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa katika maji baridi kidogo, anamimina kwenye kikombe kimoja cha chai iliyoko motoni, na anakoroga mpaka ichemke, kwa sababu wanga mbichi hautoi uzito bali hutuama chini. Ikiwa moto sana anapima: zimebaki mililita 3, kiwango 1. Angekuwa na haraka angeongeza wanga. Anasubiri ipoe mpaka joto la kunyweka, anapima tena: zimebaki 6. Ni kiwango 2, sawasawa. Wanga huendelea kukaza kadiri unavyopoa, ndiyo maana kipimo cha haki ni kile cha joto analonywea mgonjwa. Vijiko hivyo viwili usivichukue kama dawa. Wanga na vijiko hutofautiana, na anayeamua ni bomba.

Bibi anakunywa nusu ya kwanza vizuri. Anapumzika, wanaongea habari za mjukuu, na baada ya dakika ishirini wanaendelea. Sasa anakohoa. Chai ni ile ile, kikombe ni kile kile. Mkwe anaipima: zimebaki mililita 2. Imeshuka mpaka kiwango 1 yenyewe.

Kilichotokea anakijua kila aliyewahi kulea mtoto. Uji uliobaki bakulini na kijiko ndani, ukiurudia baadaye, umekuwa majimaji. Mate yana kimeng’enya kinachovunja wanga, na kila kijiko kinachotoka mdomoni na kurudi kikombeni kinapeleka mate mle ndani. Dawa yake ni nyepesi: mimina kiasi kidogo kwenye kikombe kingine, kijiko cha mdomoni kisirudi kwenye chombo kikuu, na mabaki yamwagwe. Unga wa dukani uliotengenezwa kwa gamu ya zanthani hauvunjwi na mate kwa namna hiyo, na hiyo ndiyo faida unayoilipia. Mwenye uwezo, mimi ningemshauri anunue huo angalau kwa ajili ya maji na dawa, na wanga abaki nao kwa uji na supu.

Namna ya kunywesha ina uzito sawa na kinywaji chenyewe. Bibi aketi wima kabisa, ikiwezekana kitini, miguu ikigusa chini na mto ukishika ule upande dhaifu. Anayemlisha naye aketi, macho yao yalingane. Ukisimama, yeye atainua uso kukutazama, na kidevu kikipanda njia ya hewa inafunguka zaidi. Ile tabia ya kumwinua mgonjwa kidevu na kummiminia ndiyo hasa ya kuacha. Kijiko kiwe cha chai, na kijiko kinachofuata kisubiri mpaka uone kikoromeo kimepanda na kushuka. Chakula kiwekwe upande wenye nguvu, kisha shavu dhaifu likaguliwe, maana tonge hujificha humo bila yeye kuhisi. Akiwa na usingizi, asilishwe. Akimaliza, abaki wima kwa nusu saa.

Vinavyotega ni vile vyenye sura mbili. Supu yenye vipande, mkate uliochovywa chai, chungwa na tikiti hutoa maji mepesi pamoja na kitu cha kutafuna, na koo dhaifu haliwezi kusimamia yote mawili kwa pamoja. Aiskrimu huonekana nzito kumbe mdomoni inayeyuka na kuwa maziwa. Dawa nazo zisisagwe bila kumuuliza mfamasia, kwa sababu kuna vidonge vilivyotengenezwa viyeyuke polepole tumboni, na kukisaga kimoja ni kumpa dozi ya siku nzima kwa mkupuo.

Usiku hakuna kinywaji, lakini mate yapo, na nayo huteremka vibaya. Mdomo mchafu unapeleka bakteria mapafuni pamoja na mate hayo. Kupiga mswaki meno, ulimi na meno ya bandia asubuhi na usiku ni kinga dhidi ya nimonia ambayo hakuna kinywaji kizito kinachoweza kuichukulia nafasi.

Na kinywaji kizito kina gharama yake. Kinapunguza kuingia mapafuni kunakoonekana kwenye picha za eksirei, lakini ushahidi kwamba kinapunguza nimonia yenyewe ni hafifu, na kikiwa kizito kupita kiasi mabaki yake hukaa kooni na kuingia baadaye. Zaidi ya hapo, watu hawakipendi. Piga hesabu: kama bibi ameambiwa anywe lita moja na nusu kwa siku, na kijiko cha chai ni mililita 5, hivyo ni vijiko 300. Wengi hukata tamaa mapema. Ndiyo maana mkojo wa rangi ya chai, midomo mikavu na kuchanganyikiwa kwa ghafla vinahitaji kuangaliwa kama kikohozi kinavyoangaliwa. Usiongeze uzito mwenyewe “kwa usalama”, na usimwanzishie mgonjwa ambaye hajapimwa. Pasipo na mtaalamu wa umezaji, anza kwa daktari au muuguzi wa wodi iliyomtibu. Homa, pumzi za haraka, midomo kuwa ya bluu au kulegea kusiko kwa kawaida ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Koo nalo hupona. Wengi hurudisha sehemu kubwa ya umezaji wao katika wiki za kwanza, na kiwango kilichoandikwa siku ya kutoka wodini kinaweza kuwa kimepitwa. Bibi wa mfano wetu alirudishwa kupimwa wiki ya sita. Alishushwa hadi kiwango 1, kwa mafunda madogo ya kikombe badala ya kijiko, na kikombe cha chai kilichokuwa kikichukua karibu nusu saa sasa anakimaliza kabla hakijapoa.