Umelipa kwa Lipa Namba, risiti ya EFD iko wapi?

Hapa Dodoma watu wengi wananunua kwa fedha ya mradi au ya ofisi, halafu wanatakiwa kurejesha masurufu kwa risiti. Ukikaa upande wa uhasibu, kila wiki utaletewa picha ya meseji ya muamala ikiwa imechapishwa vizuri na kubanwa kwenye fomu, bila risiti ya EFD. Aliyeileta haelewi kwa nini inakataliwa. Simlaumu, kwa sababu dhana zinazozunguka jambo hili zina sura ya ukweli.

Dhana: Ukilipa kwa simu, mauzo yanaingia TRA yenyewe

Hayaingii. Kuna safari mbili hapa. Ya kwanza ni ya fedha: inatoka kwenye akaunti yako ya simu na kuingia kwenye akaunti ya muuzaji, na kampuni ya simu inawatumia nyote wawili meseji yenye namba ya muamala. Safari ya pili ni ya taarifa ya mauzo: inatoka kwenye mashine ya EFD, au kwenye VFD, yaani programu inayofanya kazi ya mashine hiyo kwenye simu au kompyuta, na kwenda kwenye mfumo wa TRA unaoitwa EFDMS. Safari hii inaanza pale tu muuzaji anapoingiza mauzo. Asipoingiza, fedha imeshafika lakini mauzo hayajaandikwa popote TRA.

Kampuni ya simu haijui umelipia nini. Kwake, shilingi 97,000 za saruji na shilingi 97,000 za kulipa deni zinafanana kabisa. Hata makato unayoyaona kwenye meseji ni ya huduma ya kutuma fedha, pamoja na kodi ya huduma hiyo, wala hayagusi kodi ya bidhaa uliyobeba.

Wapo wenye maduka waliounganisha mfumo wao wa mauzo na Lipa Namba, kiasi kwamba malipo yakiingia risiti inatengenezwa papo hapo. Huo ni mfumo wa muuzaji mwenyewe, kauweka kwa gharama yake. Ukisimama kwenye hadiwea ya kawaida ya Kizota au Nkuhungu, chukulia kwamba haupo mpaka uione risiti.

Nadhani kinachotuchanganya ni malipo ya serikali. Ukilipa kwa kontroli namba, malipo yanashikana kweli na ankara, kwa sababu namba ile ilitengenezwa kwa ajili ya deni hilo moja na inasafiri pamoja na fedha. Lipa Namba ya duka ni ileile kwa wateja wote, siku zote.

Dhana: Namba ya muamala imo ndani ya risiti

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. VFD inapotuma risiti TRA, inatuma faili lenye TIN ya muuzaji, tarehe, saa, bidhaa, jumla na aina ya malipo. Aina za malipo zinazotambuliwa ni tano: CASH, CHEQUE, CCARD, EMONEY na INVOICE. Malipo ya simu yanaingia hivi:

```
<PAYMENTS>
  <PMTTYPE>EMONEY</PMTTYPE>
  <PMTAMOUNT>97000.00</PMTAMOUNT>
</PAYMENTS>
```

Basi. Hakuna kisanduku cha namba ya muamala. Ipo nafasi ya namba ya simu ya mteja, lakini wauzaji wengi huiacha wazi. Kwa hiyo kinachounganisha malipo yako na risiti ni neno moja, kiasi, siku, na jina la muuzaji. Muuzaji akibonyeza CASH wakati umelipa kwa simu, risiti bado ni halali, ila kiungo hicho kimekatika.

Tuchukue mfano. Msimamizi wa ujenzi ananunua mifuko 5 ya saruji kwa shilingi 17,000 kila mmoja, na kilo 3 za misumari kwa shilingi 4,000 kila kilo. Jumla ni 97,000. Analipa kwa Lipa Namba saa 4:42 asubuhi, kisha anapewa risiti iliyoandikwa saa 10:44:10. Mambo anayopaswa kulinganisha ni machache. Jina na TIN kwenye risiti viwe vya duka alilolilipa. Kama jina lililotokea kwenye simu ni la mtu na la risiti ni la biashara, aulize uhusiano wao hapohapo. Jumla iwe 97,000, wala si 9,700. Tarehe iwe ya leo.

Kisha afungue verify.tra.go.tz, aweke namba iliyo chini ya maneno RECEIPT VERIFICATION CODE, na aweke saa kama ilivyochapishwa, 10:44:10, bila kuigeuza kuwa saa nne. Au askani QR iliyo kwenye risiti. Kinachotokea kwenye ukurasa ndicho kilichofika TRA. Karatasi inaweza kusema saruji 97,000 na ukurasa ukasema unga 12,000. Hapo umepewa karatasi iliyochezewa, hata kama namba ya uhakiki ni ya kweli.

Ukurasa ukisema risiti haipatikani, usikimbilie kumwita muuzaji tapeli. Mtandao ukikatika, mashine hutunza risiti na kuituma baadaye. Jaribu tena baada ya muda. Ikiwa siku imepita na bado haionekani, rudi dukani nayo.

Dhana: Kila ukilipa, lazima upewe risiti mpya

Risiti inafuata mauzo. Ukichukua saruji kwa mkopo Jumatatu, muuzaji anatoa risiti siku hiyo na aina ya malipo inakuwa INVOICE. Ijumaa ukimtumia fedha kwa simu, akikutolea risiti nyingine ya bidhaa zilezile atakuwa ameandika mauzo mara mbili, na kodi itamfuata mara mbili. Mwombe stakabadhi ya kawaida ya kumaliza deni, uiambatanishe na risiti ya Jumatatu pamoja na meseji ya Ijumaa.

Kinyume chake pia ni kweli: muamala ukirudishwa kwa sababu ulikosea, risiti iliyokwisha kutolewa haifutiki nao. Muuzaji inabidi aishughulikie kwa utaratibu wa TRA.

Dhana: Kwa kuwa havijaunganishwa, TRA hawawezi kujua

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kudai taarifa hata kutoka kwa mtu wa tatu, na kampuni ya simu ni mmojawapo. Jumla ya Lipa Namba ya mwaka ikiwekwa kando ya mauzo yaliyotumwa na mashine, pengo linaonekana bila kutafuta risiti mojamoja.

Na pengo hilo si lazima liwe la ukwepaji. Mwenye duka anayepokea mchango wa harusi au mkopo wa ndugu kwenye Lipa Namba ya biashara anajitafutia maswali atakayoshindwa kuyajibu miaka miwili baadaye. Fedha za namna hiyo zipitie namba yake binafsi. Jioni akitoa ripoti ya Z, ambayo hutenganisha jumla kwa aina ya malipo, achukue jumla ya EMONEY na ailinganishe na taarifa ya Lipa Namba ya siku ileile. Zikitofautiana, aandike sababu usiku huohuo kwenye daftari, na namba ya muamala pembeni yake.