Ruhusa ya arifa iombwe mteja akishakuwa na kitu cha kusubiri

Mwaka 2022, Android 13 ilipotoka, sisi tunaotengeneza programu za simu tulipoteza kitu tulichokizoea. Kabla ya hapo, programu iliyosakinishwa ilikuwa na haki ya kutuma arifa tangu mwanzo, na mtumiaji ndiye aliyehangaika kuzizima. Sasa programu mpya huanza ikiwa imezimiwa arifa, na ni lazima iombe ruhusa iitwayo `POST_NOTIFICATIONS`. Kwenye iPhone utaratibu wa kuomba umekuwapo kwa miaka mingi, na ni mkali zaidi, kwa kuwa kisanduku cha mfumo huonekana mara moja tu. Android humvumilia mtumiaji anayekataa mara ya kwanza, lakini akikataa mara ya pili kisanduku hakitokei tena.

Kwa hiyo nafasi ya kuomba ni akiba ndogo, na wengi wetu huitumia sekunde ya kwanza programu inapofunguliwa, wakati mtu hajajua hata atapelekewa habari gani. Nilikutana na kosa hilo katika programu ya kufuatilia vifurushi vinavyosafirishwa kwa basi kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Mteja alikuwa akifungua programu, na kabla hajaandika namba yake ya simu anaulizwa kama anakubali arifa. Wengi walikataa, kisha siku mzigo ulipofika stendi walipiga simu kuuliza mbona hawakujulishwa.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hapakuwa na mstari wowote wa msimbo uliokuwa ukiomba ruhusa hiyo. Programu ilikuwa bado imelenga kiwango cha API cha 32, kilichotangulia kile cha 33 cha Android 13 (`targetSdk 32`), na kwa programu za namna hiyo Android 13 huonyesha kisanduku yenyewe pale programu inapounda chaneli yake ya kwanza ya arifa. Chaneli yetu ilikuwa ikiundwa programu inapowaka. Tena, chini ya utaratibu huo wa zamani, kukataa mara moja tu kunatosha kufunga mlango, mpaka programu isakinishwe upya au isasishwe ili ilenge kiwango cha 33. Hatua ya kwanza, basi, ilikuwa kulenga 33, ili wakati wa kuomba uwe mikononi mwetu.

Kisha tukatafuta mahali pa kuombea. Tulipachagua pale mteja anapomaliza kusajili kifurushi na kuoneshwa namba ya risiti, kwa sababu hapo ana mzigo njiani na ana sababu yake mwenyewe ya kutaka habari. Chini ya risiti tuliweka kadi yetu yenye maneno haya: "Tukujulishe mzigo ukifika Mbeya?" pamoja na vitufe viwili, "Nijulishe" na "Baadaye". Kisanduku cha mfumo huitwa tu baada ya kugusa kitufe cha kwanza:

```kotlin
kitufeNijulishe.setOnClickListener {
    if (Build.VERSION.SDK_INT >= 33)
        ombaRuhusa.launch(Manifest.permission.POST_NOTIFICATIONS)
}
```

Faida ya kadi hiyo ni kwamba anayegusa "Baadaye" hajaikataa ruhusa mbele ya mfumo, na akiba yetu inabaki salama hadi atakaposajili mzigo mwingine. Lakini kadi iseme ukweli. Ukiahidi habari za mzigo, halafu ukatumia ruhusa hiyo kutangaza punguzo la nauli, mtu atakwenda mwenyewe kwenye Mipangilio kukuzima, na atakuwa na haki. Matangazo yawekewe chaneli yake, ili anayeyachoka ayazime bila kupoteza habari za mzigo wake.

Ugumu uliobaki ni kumtambua aliyekwisha kufunga mlango. Watu hutegemea `shouldShowRequestPermissionRationale`, ambayo hurudisha `true` baada ya kukataliwa mara ya kwanza. Tatizo ni kwamba hurudisha `false` kwa mtu ambaye hajawahi kuulizwa na vilevile kwa aliyekataa kabisa, hivyo tunahifadhi alama yetu kwenye simu inayoonyesha kama amewahi kukataa. Dalili nyingine ni jibu la kukataliwa kurudi papo hapo bila kisanduku chochote kuonekana. Kwa iPhone kazi ni nyepesi, maana `authorizationStatus` hutofautisha `notDetermined` na `denied` waziwazi.

Kwa mtu wa namna hiyo hatuonyeshi kadi tena, kwa kuwa kitufe chake hakingefanya kitu. Kwenye ukurasa wa kifurushi chake tunaandika kwamba arifa zimezimwa, tukiweka kiungo kinachofungua Mipangilio ya arifa ya programu (`ACTION_APP_NOTIFICATION_SETTINGS`), na mzigo ukifika tunamtumia ujumbe mfupi wa kawaida kwenye namba yake.