Kadi ya chanjo ya mtoto wa mbwa: hesabu umri, si idadi ya sindano

Wengi wakipokea kadi ya chanjo huhesabu stika. Wakiziona tatu, huamini kazi imekwisha. Anza na tarehe ya kuzaliwa, kisha uandike pembeni ya kila stika mbwa alikuwa na wiki ngapi siku ile. Herufi zilizo kwenye stika zinataja magonjwa: D ni distempa, H au A ni homa ya ini ya mbwa, P ni parvo, L ni homa ya mgunda, R ni kichaa cha mbwa.

Chukua mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi, akachanjwa DHP tarehe 12 Aprili, 3 Mei na 24 Mei. Hizo ni wiki ya 6, ya 9 na ya 12. Kadi imejaa, lakini huenda mbwa huyu hana kinga kabisa.

Sababu ni dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama. Humpa mtoto kingamwili zinazomlinda, na kingamwili hizohizo huvikamata virusi dhaifu vya chanjo kabla mwili wake haujajifunza kupambana navyo. Hupungua polepole, na kasi hutofautiana hata kwa watoto wa uzao mmoja: mmoja huishiwa wiki ya 8, mwingine wiki ya 14 au zaidi. Tena kuna kipindi cha hatari ambapo zimebaki chache mno kuzuia parvo ya mtaani, ila bado zinatosha kuiharibu chanjo.

Kwa hiyo dozi hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, ili mojawapo ifike mara tu njia inapofunguka. Si kwamba kila moja huongeza nguvu ya iliyotangulia. Inayoamua ni ile ya wiki ya 16 au baadaye. Kwa mbwa wetu, tarehe 21 Juni au baada ya hapo. Ikikosekana, iombe hata kama kadi inasema amemaliza. Dozi nyingine akiwa na wiki 26, yaani mwishoni mwa Agosti, humwokoa yule ambaye hata ya wiki ya 16 haikumshika. Kumsubirisha hadi atimize mwaka ni kumwacha wazi kwa miezi mingi.

Homa ya mgunda ina hesabu yake. Chanjo yake imetengenezwa kwa vijidudu vilivyouawa, hivyo dozi ya kwanza huuandaa mwili tu na ya pili, baada ya wiki 2 hadi 4, ndiyo hujenga kinga. Zikipita wiki 6 tangu ya kwanza bila ya pili, kwa kawaida zote mbili huanzwa upya. DHP ikichelewa haihitaji kuanzwa upya, ila siku zote za kuchelewa mbwa huenda hana ulinzi: asikanyage palipopita mbwa usiowajua, kwa kuwa virusi vya parvo hudumu udongoni kwa miezi.