Kodi iliyoahirishwa sio deni la TRA: mfano wa mashine ya mbao Moshi

Juni 30 inakaribia, na kampuni zote ambazo mwaka wao unaishia Desemba zinatakiwa ziwe zimeshawasilisha ritani ya mapato ifikapo siku hiyo. Kila mwaka kipindi hiki madirisha yetu ya TRA hapa Moshi yanajaa, na Arusha naambiwa ni hivyo hivyo. Mwaka huu kuna swali moja limejirudia mpaka tumeona bora tuliandikie. Mtu anakuja na mahesabu yaliyokaguliwa, ukurasa wa mizania kuna mstari umeandikwa "dhima ya kodi iliyoahirishwa, shilingi 1,800,000", anauliza hii hela inalipwa lini. Mwingine anaomba kabisa tumtengenezee kontrol namba ailipe yaishe. Na wapo wanaokuja wamechangamka wakidhani mhasibu wao kawaombea kwetu walipe kidogo kidogo.

Hapana. Hiyo hela haina kontrol namba, hatuidai, na kwenye mfumo wetu huikuti. Kuomba kulipa kwa awamu ni jambo jingine, unaandika barua, unaeleza sababu, unapendekeza tarehe zako, na riba inaendelea kuhesabika. Kodi iliyoahirishwa ni kitu cha kwenye vitabu vyako mwenyewe, mhasibu anakiweka kwa sababu viwango vya uhasibu vinamtaka, IAS 12 kwa wakubwa na IFRS for SMEs sehemu ya 29 kwa wadogo. Kama wewe unalipa kodi kwa kiwango cha mauzo kwa mwaka, yaani mauzo hayazidi milioni 100 na huandai mahesabu, hili halikuhusu.

Tuchukue mashine. Kampuni moja ya kubuni tu, ipo Moshi, inanunua mashine ya kuchana mbao ile ya kuhamishika, inayokokotwa kutoka kitalu kimoja cha magogo kwenda kingine huko Siha na Rombo. Bei milioni 48 bila VAT. Nimechagua ya kuhamishika makusudi, kwa sababu mashine iliyofungwa kiwandani kabisa ina nafuu yake ya asilimia 50 mwaka wa kwanza na ingetuchafulia hesabu, ila wazo ni lile lile, tofauti tu inakuwa kubwa zaidi.

Mhasibu wa kampuni anakaa na fundi, wanakubaliana mashine itachana mbao miaka 8 halafu itakuwa chuma chakavu. Kwa hiyo kila mwaka anaandika uchakavu wa milioni 6, sawa sawa. Hiyo ni haki yake, yeye ndiye anaijua mashine. Sheria ya Kodi ya Mapato haimuulizi fundi. Inasema mashine za uzalishaji zipo daraja la pili, asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka, iwe imenunuliwa Januari au Desemba, iwe inafanya kazi masaa matatu au usiku kucha. Na uchakavu huo unachukuliwa mwaka ule ule, sio kwamba mwaka huu biashara mbaya ngoja niuache niuchukue mwakani, tunaliona sana hilo na tunalikataa.

Sasa mwaka wa kwanza. Faida kabla ya uchakavu tuseme ni milioni 50. Kwenye vitabu unatoa 6, inabaki faida ya milioni 44. Kwenye ritani unairudisha ile 6 yote, halafu unatoa uchakavu wa kodi ambao ni asilimia 25 ya 48, yaani milioni 12, faida ya kutozwa kodi inakuwa milioni 38. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo unalipa milioni 11.4.

Hapa ndipo mwenye kampuni anafurahi peke yake. Anaangalia vitabu anaona faida 44, asilimia 30 yake ni milioni 13.2, lakini kalipa 11.4 tu, anadhani kaokoa milioni 1.8. Hajaokoa. Mashine ni ile ile ya milioni 48, na kodi haitakuruhusu kuishusha zaidi ya milioni 48 hata uifanyeje. Umekula sehemu kubwa ya uchakavu mapema, kwa hiyo huko mbele utabakiwa na kidogo cha kutoa na faida ya kutozwa kodi itakuwa kubwa kuliko ya vitabuni. Mhasibu analijua hilo ndio maana hakuachi uandike gharama ya kodi ya 11.4 halafu ukagawane gawio kama vile biashara imeshamaliza. Anadebiti gharama ya kodi milioni 1.8, anakrediti dhima ya kodi iliyoahirishwa milioni 1.8. Gharama yote ya kodi kwenye taarifa ya mapato inasoma 13.2, ambayo ndio asilimia 30 ya 44.

Wahasibu wenyewe wanaipata kwa njia ya mizania, na ndiyo tunayopenda kuiona kwenye karatasi zao za kazi. Mwisho wa mwaka wa kwanza mashine kwenye vitabu ina thamani ya milioni 42, kwenye kodi ina milioni 36. Tofauti ni 6, mara asilimia 30, ni 1.8. Basi.

Mwaka wa pili, faida kabla ya uchakavu tuiache 50. Uchakavu wa kodi ni asilimia 25 ya 36, yaani 9. Unatozwa kwenye 41, unalipa 12.3. Vitabuni mashine sasa ni 36, kwenye kodi ni 27, tofauti imekuwa 9 na dhima imefika milioni 2.7. Angalieni hapa vizuri maana ndipo makosa mengi yapo: gharama ya mwaka huu sio 2.7, ni nyongeza tu, yaani 2.7 kutoa 1.8 ya mwaka jana, laki 9. Tumeona mahesabu yenye saini kabisa ambayo dhima nzima imepigwa kama gharama kila mwaka, na ukijumlisha 12.3 na 2.7 unapata 15 wakati asilimia 30 ya faida ya 44 bado ni 13.2. Ukiona jumla haiji 13.2 na hakuna sababu iliyoelezwa, kuna kitu kimekosewa.

Mwaka wa tatu uchakavu wa kodi ni 6.75, umebaki kuzidi ule wa vitabu kidogo tu, dhima inapanda mpaka 2.925 na hapo ndio kilele chake. Mwaka wa nne mambo yanageuka. Asilimia 25 ya 20.25 ni kama milioni 5.06, vitabuni bado unatoa 6. Faida ya kutozwa kodi inakuwa karibu 44.94 na kodi inakuwa milioni 13.48, juu ya ile 13.2. Mwaka huo ndio watu wanakuja kulalamika kwamba TRA imewapandishia. Hakuna aliyepandisha kitu, ni ile kodi uliyoisogeza inaanza kurudi, na dhima vitabuni inapungua kwa kama 281,000, na gharama inabaki 13.2 kama ilivyokuwa.

Watu wanatuuliza, je nikiiuza mashine kabla? Swali zuri, maana hapo ndio unaona kama mhasibu alifanya kazi yake. Tuseme mwanzoni mwa mwaka wa nne mnunuzi kutoka Arusha anatoa milioni 33. Vitabuni mashine ni 30, umepata faida ya milioni 3. Kwa upande wetu sio 3. Thamani ya kodi iliyobaki ni 20.25, na kama ndiyo mashine pekee kwenye daraja hilo, unachukua 33 unatoa 20.25, milioni 12.75 yote inaingia kwenye mapato ya kutozwa kodi. Kodi yake ni 3.825. Mwenye kampuni anashika kichwa, nimepata faida ya milioni 3 nalipa kodi karibu milioni 4! Lakini milioni 2.925 kati ya hizo zilishawekwa kama gharama ndani ya ile miaka mitatu ya mwanzo, sasa dhima inafutwa, na gharama mpya inabaki laki 9 tu, ambayo ndio asilimia 30 ya milioni 3. Aliyekuwa haweki kodi iliyoahirishwa ndiye anapigwa na yote kwa mkupuo. Kama daraja lina mashine nyingine, zile 33 zinapunguza tu thamani ya kundi zima na huenda mwaka huo usione kodi yoyote ya kuuza.

Sio kila tofauti inaleta kodi iliyoahirishwa. Tuseme mwaka wa kwanza lori lenu lilikamatwa na mbao, mkalipa faini ya milioni 2. Vitabuni ni gharama, faida inashuka kuwa 42. Kwenye ritani faini hairuhusiwi, sio mwaka huu wala mwaka wa kumi, kwa hiyo unatozwa kwenye 38 ile ile. Hiyo ni tofauti ya kudumu, hairudi, hakuna dhima ya kuweka. Gharama ya kodi inabaki 13.2 juu ya faida ya 42, ambayo ni kama asilimia 31.4, na hiyo ndio "sababu iliyoelezwa" niliyosema juu, inatakiwa ionekane kwenye maelezo ya mahesabu.

Kwenye ritani yenyewe, tafadhali sana, gharama ya kodi iliyoahirishwa haitolewi kwenye mapato. Unaanza na faida kabla ya kodi, kabla ya kodi yote, ya sasa na iliyoahirishwa. Wapo wanaoanza na faida baada ya kodi, wanairudisha 11.4 na kusahau 1.8, tayari mapato yameshuka kwa 1.8 na ukaguzi ukija kuna kodi pungufu ya 540,000 pamoja na riba. Sio siri kwamba hicho ni moja ya vitu vya kwanza mkaguzi anavyoangalia.

Ritani ya kampuni lazima iwe imeandaliwa au kuthibitishwa na CPA mwenye ofisi yake. Ukichelewa kuwasilisha, adhabu ni kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, ukichelewa siku mbili umehesabiwa mwezi, nayo ni asilimia 2.5 ya kodi husika au pointi 15 za sarafu, yaani kipimo cha adhabu kilichowekwa kisheria, kwa kampuni, kipi kikubwa. Ukipata tathmini usiyokubaliana nayo una siku 30 za kuweka pingamizi, na unalipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au kiasi usichobishania, kipi kikubwa, ndipo pingamizi linapokelewa. Kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na kwa mashine kama hii hesabu ya thamani ya kodi ya mwaka wa nne inaanzia risiti ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo ile risiti ya EFD ya milioni 48 pigeni kopi, maana zile karatasi zinafifia.

Mkija dirishani na swali la kodi iliyoahirishwa njooni na jedwali la mali lenye safu mbili, thamani ya vitabu na thamani ya kodi, kwa kila daraja. Bila hilo jedwali tutaishia kuangaliana tu.