Kwa nini Mtwara hatusogezi saa mbele

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Waingereza kubadili saa zao, kwenye mabanda ya mpira ya Mtwara hukosi watu waliokaa wakitazama matangazo. Wamefika saa 11 jioni kama walivyozoea tangu ligi ianze Agosti, na mechi haipo. Itaanza saa 12. Mwenye banda anaandamwa kwa maswali, king'amuzi kinashukiwa, kumbe hapa hakuna kilichoharibika. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza walirudisha saa zao nyuma, na mechi yao ya saa 9 alasiri, ambayo kwetu ilikuwa inaanguka saa 11 jioni, sasa inaanguka saa 12. Itakuwa hivyo mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi, watakapozisogeza mbele tena.

Utaratibu huo wa kusogeza saa mbele kwa miezi ya joto na kuirudisha kwa miezi ya baridi hautumiki Tanzania, wala Kenya, wala Uganda, wala karibu nchi yoyote iliyo jirani na ikweta. Watu wengi hudhani ni kwa sababu ya umaskini au uzembe wa serikali. Sababu ni jua, na unaweza kuipigia hesabu ukiwa umekaa barazani. Saa zote nitakazotaja kuanzia hapa ni za Kiswahili.

Tuanze na kile ambacho utaratibu huu hufanya. Hauongezi hata dakika moja ya mwanga. Unauchukua mwanga wa alfajiri, ambao watu wanaulalia, na kuuhamishia jioni, wakati wako macho. Hilo ndilo lililomkera mjenzi mmoja wa nyumba wa Uingereza, William Willett, aliyekuwa akipanda farasi asubuhi na mapema wakati wa kiangazi chao na kuona mapazia ya majirani bado yamefungwa ilhali jua liko juu. Mwaka 1907 akachapisha kijitabu cha kuwashawishi Waingereza wabadili saa. Hawakumsikiliza mpaka vita. Ujerumani ilitangulia tarehe 30 Aprili 1916, kwa ajili ya kubana matumizi ya makaa ya mawe, na Uingereza ikafuata wiki chache baadaye. Willett alikuwa ameshafariki mwaka uliotangulia.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuwa na mwanga wa ziada alfajiri. London wanao. Tarehe 21 Juni, kama wasingesogeza saa, jua lingechomoza kwao karibu saa 9:45 usiku. Ndiyo, saa tisa na robo tatu, usiku wa manane kwa kipimo chetu. Wakisogeza mbele saa moja, linachomoza saa 10:45 alfajiri, na bado limewahi kuliko wengi wao wanavyoamka. Hakuna anayeona kimepungua kitu. Jioni nayo, badala ya jua kuzama saa 2:20 usiku, linazama saa 3:20. Desemba mambo yanageuka: jua linachomoza saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 alasiri. Hapo hakuna cha ziada cha kuchukua, ndiyo maana wanairudisha saa mahali pake.

Sasa njoo Mtwara. Mji upo latitudo ya nyuzi 10 na kidogo kusini, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka ikweta, na Lindi ni hivyo hivyo kwa tofauti ndogo sana. Siku yetu ndefu kuliko zote, karibu na tarehe 21 Desemba, ina mwanga wa jua kwa takriban saa 12 na dakika 43. Siku fupi kuliko zote, karibu na tarehe 21 Juni, ina saa 11 na dakika 31. Tofauti ya mwaka mzima ni saa moja na dakika kumi na kitu, na hiyo inagawanywa pande mbili, asubuhi na jioni. London tofauti hiyo ni karibu saa tisa.

Chanzo chake ni mlalo wa dunia. Mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, kwa hiyo njia ya jua angani husogea kaskazini na kusini mwaka unavyokwenda. Karibu na ikweta jua hupanda kutoka baharini karibu wima na kushuka hivyo hivyo, na popote njia hiyo itakaposogea, upeo wa macho unaikata karibu katikati: nusu juu, nusu chini. Ukienda mbali kaskazini au kusini, njia inalala upande, na msimu mmoja sehemu kubwa inabaki juu ya upeo, msimu mwingine inabaki chini.

Asiyeamini hesabu aende akasome jedwali la nyakati za swala ukutani mwa msikiti. Aangalie safu ya kuchomoza jua. Mapema zaidi ni kama saa 11:47 alfajiri, katikati ya Novemba. Kuchelewa zaidi ni kama saa 12:38 asubuhi, katikati ya Julai. Safu ya Magharibi nayo hucheza kati ya saa 12:04 hivi mwishoni mwa Mei na karibu saa 12:50 mwishoni mwa Januari. Jedwali la mwaka uliopita linakaribia kufanana na la mwaka huu, na wazee wengi wanalijua kichwani.

Angalia vizuri zile nambari mbili za asubuhi. Kati ya jua la mapema kuliko yote na jua la kuchelewa kuliko yote kuna dakika hamsini hivi. Hazifiki saa moja. Na kinachosogezwa katika utaratibu ule ni saa moja nzima. Nadhani jibu lote limo hapa: kipimo cha marekebisho ni kikubwa kuliko kasoro inayorekebishwa.

Tujaribu kusogeza hata hivyo, tuone. Tunachagua Desemba na Januari, maana ndiko mwanga wetu ni mrefu. Tarehe 21 Desemba jua lilikuwa linachomoza saa 11:56 alfajiri. Sasa litachomoza saa 12:56 asubuhi. Yaani asubuhi ya msimu wenye mwanga mrefu inakuwa na giza kuliko asubuhi ya Julai, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote tulizonazo. Kufikia tarehe 20 Januari, shule zikiwa zimefunguliwa, jua lingechomoza kama saa 1:12 asubuhi. Mtoto anayetoka nyumbani saa 12 ili awahi namba angetembea gizani njia karibu nzima, katika msimu wa mvua, nyasi zikiwa zimefunga njia. Mwanga wa mapambazuko haumsaidii sana, kwa sababu jua linalopanda wima huvuka haraka ukanda ule wa giza na nuru. Kwetu mapambazuko yanayomwezesha mtu kuona njia ni dakika ishirini na kitu tu. London mwezi Juni ni kama mara mbili ya hapo.

Faida ya jioni je? Jua lingezama saa 1:39 usiku badala ya saa 12:39 jioni. Kwa mtu wa ofisini hiyo si haba, sikatai. Lakini angeilipia asubuhi yake mwenyewe, si mwanga aliokuwa anaulalia kama Mwingereza, maana Mtwara saa 12 asubuhi watu wako barabarani, soko la samaki limechangamka na chapati ziko kwenye kikaango. Na wapo ambao saa ya ukutani haiwahusu kabisa. Mvuvi anafuata maji kupwa na maji kujaa, yanayofuata mwezi. Adhana inafuata jua, ingetajwa tu kwa saa nyingine. Mwaka wetu wenyewe umegawanywa na upepo na mvua, kusi na kaskazi, masika na kiangazi. Hakuna anayesema msimu umebadilika kwa sababu mchana umerefuka.

Hata ile desturi yetu ya kuanza kuhesabu saa jua linapochomoza inawezekana kwa sababu hiyo hiyo. Saa 12 asubuhi inakuwa ndiyo mapambazuko mwaka mzima kwa kuwa jua halipotei mbali nayo. Mtu wa London akihesabu hivyo, Juni angejikuta anaita usiku kipindi ambacho jua linawaka, na Desemba angesema ni saa 1 asubuhi akiwa kwenye giza tupu.

Majirani zetu wa bahari hii waliwahi kujaribu. Morisi ilisogeza saa mbele Oktoba 2008 na kuirudisha Machi 2009, lengo likiwa kupunguza mzigo wa umeme wa jioni. Wao wako nyuzi 20 kusini, mara mbili ya umbali wetu, na Desemba jua lao huchomoza karibu saa 11:28 alfajiri, kwa hiyo walikuwa na akiba ya asubuhi kutuzidi. Hata hivyo msimu uliofuata hawakurudia. Brazili, nchi inayoanzia juu kidogo ya ikweta na kushuka hadi nyuzi 33 kusini, ilitumia utaratibu huo miaka mingi, lakini kwa muda mrefu majimbo yake ya kaskazini hayakuhusishwa, kwa sababu hiyo hiyo ya jua. Mwaka 2019 nchi nzima ikaachana nao.

Kuna jambo moja ambalo huchanganywa na hili, nalo ni umbali wa mashariki na magharibi. Tanzania nzima inatumia saa moja, iliyopimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo ipo baharini huko, mashariki mwetu. Kila nyuzi moja ni dakika nne. Mtwara, iliyo karibu nyuzi 40, jua la utosi linatukuta kwa wastani saa 6:19 mchana. Kigoma, kwenye nyuzi 29 na nusu hivi, linawakuta karibu saa 7 kamili. Kwa maneno mengine, Kigoma wanaishi mwaka mzima kama watu waliokwisha kusogeza saa mbele: asubuhi zao zina giza, na jioni jua linawaka baada ya sisi kuwasha taa. Mtu wa Kigoma akilalamika ana haki, ila dawa yake si ya kubadili saa mara mbili kwa mwaka, maana tofauti yao ya misimu ni ndogo hata kuliko yetu. Ni kutumia ukanda mwingine moja kwa moja, kama wafanyavyo majirani zao. Ukivuka kutoka Kigoma kwenda Burundi, au ng'ambo ya ziwa hadi Kalemie, jua ni lile lile na saa inarudi nyuma kwa saa moja.